Fremu zimeingia kwa kimo, zimegoma kwa upana: soma nukta uliyoandika

"Mwalimu, shikamoo. Niko fildi kwa fundi mmoja, nyumba ya vyumba vitatu, lipu imeshapigwa. Alinituma nipime matundu ya madirisha manne, karatasi nikampa fundi alumini akate fremu. Niliandika mawili ya 5.6 kwa 4, la jiko 3.3 kwa 4, la choo 2 kwa 2. Fremu zimekuja. La choo limeingia vizuri. La jiko linakwama kidogo, kama nusu sentimita. Yale makubwa yamezidi kama sentimita mbili kwa upana, ila kwa kimo yanaingia. Fundi anasema sikupima, anataka kukata posho yangu. Mimi nilipima mara mbili, naapa. Na yeye mwenyewe na wazee wote wanapima kwa futi na kazi zinatoka. Kosa langu liko wapi, na sasa tufanyeje?"

Marahaba, kijana. Jina lako limebaki mfukoni mwangu, lakini swali nimeona nilijibu mbele ya darasa zima, maana nusu ya mliokaa hapa mnaandika vipimo hivyohivyo. Nawaona kwenye madaftari.

Kwanza nikutoe wasiwasi: naamini ulipima, na naamini ulipima sawa. Fremu zenyewe zinakushuhudia. Sikia namna ya kuzisoma, maana ukiona fremu imegoma usikimbilie kugombana, pima imegoma kwa kiasi gani na upande upi.

Fundi wako nadhani ameshaanza kumtazama vibaya aliyepiga lipu. Ni dhana ya kawaida. Lipu ya milimita 15 kila upande inakula milimita 30 za tundu, na watu wengi hupima matundu kabla ya lipu wakasahau kusema. Lakini lipu inapigwa pande zote za tundu: kushoto, kulia, juu na chini. Kama lipu ndiyo ingekuwa mchawi, fremu zingegoma kwa kimo pia, na la choo nalo lingegoma. Zako zimegoma upana tu, tena zimegoma kwa viwango tofauti: makubwa sentimita mbili, la jiko nusu sentimita, la choo sifuri. Sasa rudi kwenye karatasi yako uangalie ni vipimo vipi vina nukta. 5.6 ina nukta, imegoma sana. 3.3 ina nukta, imegoma kidogo. 4 na 2 hazina nukta, zimeingia bila neno.

Wewe ulipoandika 5.6 ulimaanisha futi 5 na inchi 6. Futi moja ina inchi 12, kwa hiyo inchi 6 ni nusu futi. Fundi alumini anafanya kazi kwa milimita. Alichukua simu yake, akaandika 5.6, akazidisha kwa 304.8, ambazo ndizo milimita za futi moja. Kikokotoo hakijui inchi. Kwake 5.6 ni futi 5 na sehemu 6 katika 10 za futi, yaani zaidi ya nusu. Kikampa 1707. Tundu lako ni inchi 66, ukizidisha kwa 25.4 unapata 1676. Tofauti ni milimita 31. Kwa la jiko ulimaanisha futi 3 na inchi 3, yaani 991. Yeye akapata 1006. Tofauti ni milimita 15.

Mtaniuliza, mbona mwenzenu anasema imezidi sentimita mbili na si tatu? Swali zuri. Fremu haikatwi sawasawa na tundu, hupunguzwa kidogo ili iingie, iwekwe sawa kwa pimamaji, na pembeni ibaki nafasi ya kujaza silikoni. Inaonekana fundi alumini huyu amepunguza kama milimita 10, tano kila upande. Toa 10 kwenye 31, unabaki na 21. Toa 10 kwenye 15, unabaki na 5. Hizo ndizo sentimita mbili na nusu sentimita ulizoziona wewe. Hesabu imefunga, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine wa kulaumu.

Halafu jua kwamba umebahatika. Ungekuwa na dirisha la futi 5 na inchi 10 ukaandika 5.10, kikokotoo kingeisoma 5.1 kikatoa 1554, wakati tundu lako ni 1778. Fremu ingekuja pungufu kwa milimita 224, karibu shibiri moja. Fremu iliyozidi inakatwa. Iliyopungua hairefushwi, unabaki nayo mkononi ukisubiri mwenye nyumba mwingine mwenye tundu la namna hiyo.

Sasa hili la wazee na futi. Futi haina kosa lolote. Inchi ni kipimo kamili kama milimita, na inchi moja ni milimita 25.4 bila kuzidi wala kupungua. Mzee anayepima tundu, akakata mbao mwenyewe, akaichomeka mwenyewe, hahitaji hata kuandika. Nimewaona mafundi wakipima kwa kijiti: wanakivunja sawa na tundu, wanakilaza juu ya mbao, wanakata. Kazi inatoka safi kwa sababu kipimo hakijahama mkono. Taabu inaanza pale namba inapotoka kwako ikaenda kwa mtu ambaye hakuwepo uliposhika futi kamba. Wewe ulijua kichwani kwamba ile nukta ni mpaka kati ya futi na inchi. Karatasi haikujua, na yeye alisoma karatasi.

Kwa hiyo ukipeleka kipimo kwa mtu mwingine, hasa karakana ya alumini, ya chuma au ya vioo, andika milimita, na andika neno lenyewe au kifupi chake. "Upana 1676 mm, kimo 1219 mm." Michoro ya majengo inaandikwa kwa milimita kwa faida hiihii: namba inakuwa nzima, haina nukta, hakuna cha kufutika wala cha kusomwa vingine. Sentimita nazo zingetosha kwa usahihi, ila zinarudisha nukta, utaandika 167.6, karatasi ikilowa jasho nukta ikapotea, mtu anasoma 1676 na hajui ni nini. Kama fundi wako hataki kusikia milimita, andika "futi 5 inchi 6", kwa maneno, au tumia alama zake, 5'6". Na palipo na futi kamili usiache wazi, andika "futi 4 inchi 0", ili msomaji ajue inchi hukuzisahau.

Kizio peke yake bado hakitoshi. Andika umepima nini, na kikiwa katika hali gani. "Tundu, baada ya lipu" ni maneno manne tu, lakini bila hayo fundi alumini hajui kama apunguze nafasi au wewe umeshapunguza. Nimeona watu wawili wakipunguza milimita 10 kila mmoja kwa nia njema, fremu ikaja inacheza tunduni, silikoni ikaliwa mkebe baada ya mkebe. Vilevile kimo cha kizingiti cha dirisha: 900 kutoka wapi? Kutoka kwenye zege, au kutoka juu ya vigae ambavyo bado havijawekwa? Hapo katikati kuna sakafu ya saruji na vigae, mara nyingi milimita 50 au 60.

Kosa hili la "kutoka wapi" halikuanza na ninyi. Mji wa Laufenburg umegawanywa na mto Rhine, upande mmoja Ujerumani, upande wa pili Uswisi. Walipojenga daraja jipya pale, mwaka 2003, pande zikiwa zinakaribiana waligundua hazitakutana sawa kwa sentimita 54. Ujerumani hupima miinuko kutoka usawa wa bahari wa Amsterdam, Uswisi huanzia usawa wa bahari wa Marseille, na kati ya viwango hivyo viwili kuna tofauti ya sentimita 27. Wahandisi waliijua tofauti hiyo na waliiweka kwenye hesabu. Ila palipotakiwa kujumlisha walitoa, ikawa mara mbili. Upande wa Ujerumani ikabidi ushushwe. Namba ilikuwa sahihi, kilichokosewa ni inaelekea wapi.

Turudi kwenye kupima mara mbili, maana hapa nina neno na wewe. Umeapa ulipima mara mbili, nami nakuuliza: mara ya pili ulibadilisha nini? Ukisimama palepale, ukaweka futi kamba palepale, ukasoma ukiwa tayari una 5 na 6 kichwani, jicho litakupa 5 na 6. Kipimo cha pili kina faida pale tu kinapoweza kukataa cha kwanza.

Njoo hapa mbele tuishike hii futi kamba. Angalia ulimi wa chuma mwanzoni. Ukiusukuma unarudi kidogo, ukiuvuta unatoka kidogo. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeugonga kwa nyundo ili "usicheze". Usiuguse! Unacheza kwa makusudi, na unacheza sawasawa na unene wake, kama milimita moja. Ukipima kwa nje, umeuning'iniza kwenye ncha ya mbao, unavutika, na sifuri inakuwa upande wa ndani wa ulimi. Ukipima kwa ndani, umeusukuma kwenye ukuta, unarudi, na sifuri inakuwa upande wa nje. Ukiugonga ukakaza, kipimo cha namna moja kitakuwa na kosa siku zote, na utalirudia mara mia bila kuliona. Ulimi uliopinda kwa kudondoshwa unaleta taabu ileile.

Upande wa pili wa tundu nako kuna mtego. Wengi wenu mnaikunja futi kamba kwenye kona, mnasoma palipopinda, mnakisia. Hapo milimita 3 mpaka 5 zinapotea. Futi kamba nyingi zimeandikwa urefu wa kasha lake mgongoni. Liegemeze kasha ukutani, soma namba inapotokea mdomoni, jumlisha urefu wa kasha. Au weka alama ya penseli katikati ya tundu, pima kutoka kushoto mpaka kwenye alama, kisha kutoka kulia mpaka kwenye alama, jumlisha. Ni njia ya polepole kidogo, lakini haina kukisia.

Kwa dirisha, mimi hutaka upana upimwe juu, katikati na chini, na kimo kushoto, katikati na kulia. Matofali hayasomi mchoro, tundu linaweza kuwa 1676 chini na 1668 juu. Fremu ni ya mstatili ulionyooka, kwa hiyo inafuata namba ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo unayoandika. Kisha pima kona kwa kona, pande zote mbili. Tundu la 1676 kwa 1219 likiwa limenyooka kona zote, ulalo wake ni 2072. Namba hiyo si lazima uikumbuke, cha muhimu ni kwamba ulalo wa kwanza na wa pili vilingane. Vikipishana zaidi ya sentimita moja, tundu limelala, na fremu iliyokatwa vizuri kabisa itakwama kona mbili. Afadhali ujue kabla.

Hapo ndipo kipimo cha pili kinapoingia, na kiwe cha njia nyingine. Kama cha kwanza ulisoma upande wa inchi, cha pili soma upande wa milimita, ukianzia ukuta wa pili, au mpe mwenzako asome bila kumwambia ulipata ngapi. Kisha linganisha: inchi 66 mara 25.4 ni 1676. Mwenzako akisoma 1676 au 1675, sawa. Akisoma 1686, mmoja wenu ameruka sentimita. Akisoma 1776, mmoja ameruka namba nzima, au ameanzia alama ya sentimita 10 kwa sababu ulimi umepinda akasahau kutoa. Makosa ya futi kamba mara nyingi huja hivyo, ya milimita 10 au 100 kamili, na ukishayajua yanajitambulisha yenyewe. Na lau wewe ungeandika hizo namba mbili pamoja kwenye karatasi, "futi 5 inchi 6, sawa na 1676 mm", fundi alumini angepata 1707 kwenye simu yake, akaona haziendani, akakupigia. Mngemaliza kwa simu ya dakika moja.

Tuhesabu sasa. Hizi ni bei za mfano tu, weka za mtaani kwenu. Kirikuu wa kurudisha fremu karakana elfu ishirini, kuzileta tena elfu ishirini. Kazi ya kufungua, kukata upya na kufunga, elfu thelathini kwa kila dirisha, madirisha matatu, elfu tisini. Tumefika laki moja na elfu thelathini, na bado hatujamlipa saidia fundi aliyekaa siku mbili akisubiri, wala kioo kitakachovunjika njiani. Kulinganisha vipimo vya madirisha manne ni robo saa, pamoja na kumtafuta mwenzako.

Mfanyeje? Njia ya kwanza ambayo fundi wako ataipenda ni kuchukua tindo na kupanua ukuta. Kwa makubwa mnahitaji milimita 31, kama 15 au 16 kila upande. Huo ni unene wa lipu yote. Mkiitoa, fremu itakaa kwenye tofali tupu, mtajaza saruji pembeni, na ukingo hautanyooka kirahisi. Pembeni ya dirisha kukiwa na nguzo ya zege, msiguse hata kidogo: mkiondoa zege linalofunika nondo, maji yanaingia na nondo inaota kutu. Kumbukeni pia linta iliyo juu inalala juu ya ukuta huohuo, na inatakiwa ilale angalau milimita 150 kila upande. Kama iliwekwa kwa ubahili, kila milimita mnayochonga chini yake mnaiondolea mahali pa kulala.

Njia ya pili ni kupunguza fremu, na kwa makubwa hayo mawili mimi ningefuata hiyo. Alumini inakatika. Kwenye dirisha la kuslaidi la vipande viwili, reli ya juu na ya chini zinapunguzwa milimita 31, na kila kipande kinapunguzwa kama nusu ya hiyo, pamoja na kioo chake na wavu wa mbu. Kimo hakiguswi. Kioo cha kawaida kinakatwa upya bila shida. Kama mwenye nyumba alichagua kioo kigumu cha usalama, hicho hakikatwi baada ya kupitia moto. Kitahitaji kuagizwa kingine, na hapo gharama inabadilika kabisa. Ulizeni kabla hamjapandisha fremu kwenye gari. Hilo la jiko linahitaji milimita 15 tu, na kwa kuwa gari linakwenda tayari, lipakieni nalo. Kama lingekuwa peke yake, ningewaambia mbandue lipu upande mmoja na kuipiga upya.

Kuhusu posho, sitakuficha: kuandika namba bila kizio ni kosa lako. Lakini si lako peke yako. Fundi alumini aliyeona 5.6 na asiulize ni futi na inchi au ni nini, naye ana sehemu yake. Karakana nyingi zinazojiheshimu hazikati kwa karatasi ya mteja, zinatuma mtu wao na futi kamba yake. Na fundi wako alituma kipimo cha mwanafunzi bila kukipitia. Mweleze kwa adabu, ukiwa na hizo namba tatu: 31, 15 na sifuri. Mwonyeshe zinavyolingana na nukta zako. Mtu aliyekuwa anadhani hukupima ataona kwamba ulipima. Ikiwa bado anashikilia kukata posho yote, usibishane naye saiti. Mpigie mwalimu anayesimamia fildi yako, aje wakae, ni kazi yake.

Na kabla ya tindo kugusa ukuta popote penye nguzo, au chini ya linta ambayo hamjui imelala kiasi gani, mwiteni mhandisi au msimamizi wa ujenzi aangalie kwa macho. Hilo siwezi kuliamua kutoka hapa darasani. Fremu zikirudi karakana, mwambie fundi alumini aje na futi kamba yake apime tundu mwenyewe kabla ya kukata, nawe pima na yako pembeni yake. Mkipishana zaidi ya milimita 2, badilishaneni futi kamba na mpime tena. Huenda mojawapo ina ulimi uliopinda.